Barua kwa Katibu

Lushoto, Jumatatu 13 Januari 2025

Mjomba amesikiliza rasimu ya barua yangu ya kuomba kazi hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza: "Haya, mwanangu, hiyo asilimia ya Ujerumani nimeisikia. Hapa kwetu, siku ya kwanza kazini, utafanya nini?"

Swali hilo limenikaa kichwani mpaka usiku huu. Rasimu ina aya nne. Ya kwanza inataja shahada zangu mbili za Dresden. Ya pili inataja miaka ya kazi katika idara ya mtandao wa mabomba. Ya tatu inasema mji niliofanyia kazi hupoteza chini ya asilimia 10 ya maji yake, na ya nne inaomba kazi. Yote ni kweli tupu. Lakini mji ule ulikuwa na upotevu mdogo kabla sijafika, na ungeendelea nao hata kama nisingefika. Barua inausifu mji. Mtu wa ofisi ya Katibu wa Sekretarieti ya Ajira, Dodoma, atakayeisoma hatajua mimi mwenyewe naweza kufanya nini kwenye bomba la Lushoto au la Nzega.

Tangazo la kazi bado halijatoka. Naandika mapema kwa sababu matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hukaa wazi kwa muda mfupi, mara nyingi wiki mbili, na anayeanza kutafuta karatasi siku tangazo linapotoka hawahi.

Alhamisi 16 Januari

Leo nimepanga karatasi zote mezani. Sharti linalotugusa sisi tuliosoma nje limeandikwa wazi katika kila tangazo la zamani nililolisoma: vyeti viwe vimehakikiwa na kuidhinishwa na mamlaka husika. Kwa shahada, mamlaka ni Tume ya Vyuo Vikuu. Aliyesoma sekondari nje anakwenda Baraza la Mitihani, ila mimi kidato cha sita nilimaliza hapa nchini.

Maombi ya Tume niliyatuma kwa mtandao nikiwa bado Dresden. Nilipakia vyeti na transkripti za shahada zote mbili, tafsiri zake za Kiingereza zilizothibitishwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, na kurasa za pasi. Tume huangalia mambo mawili: chuo kiwe kinatambuliwa katika nchi yake, na tuzo ilinganishwe na ngazi yake hapa kwetu. Hati ya utambuzi ninayo tayari, na nashukuru nilianza kabla ya kufunga mizigo. Chuo kikiulizwa jambo, ni rahisi kumfuata karani wa mitihani ukiwa mtaa wa pili kuliko ukiwa milimani Usambara.

Bodi ya Usajili wa Wahandisi ni habari nyingine. Kwa sheria yetu, shahada peke yake haikupi ruhusa ya kufanya kazi ukijiita mhandisi, sharti usajiliwe. Anayetoka chuoni husajiliwa kama mhandisi mhitimu, na ili awe mhandisi mtaalamu anahitaji uzoefu wa miaka mitatu chini ya usimamizi. Kazi yangu ya Ujerumani nimeiandikia ripoti, mradi kwa mradi: nilikuwa na wajibu gani, nani alinisimamia, nani alisaini michoro. Hapo hati ya mwajiri imenifaa sana. Sheria ya Kijerumani inampa kila anayeacha kazi haki ya kupewa hati inayoeleza kazi alizofanya, na yangu inazitaja moja moja. Lakini kwenye maombi ya Sekretarieti hati ya namna hiyo haishiki nafasi ya cheti. Wanataka cheti chenyewe, na hata hati ya matokeo haipokelewi badala yake.

Halafu kuna suala la daraja. Nafasi zinazotangazwa ni za Daraja la II, ndilo la kuingilia, na anayerudi na miaka ya kazi huingia hapo pamoja na vijana waliomaliza chuo juzi. Mwenzangu mmoja aliyerudi kutoka Uholanzi aliona kama anashushwa akaacha kuomba. Mimi naomba. Nataka kufanya kazi hii nchini kwangu, na kwenye mabomba ya hapa sijamaliza hata mwaka.

Jumapili 19 Januari

Baada ya chakula Mjomba amenipeleka kwenye tangi. Yeye ni mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji. Mradi ni wa mserereko: maji yanatoka kwenye kijito cha msituni, yanaingia tangi la lita 75,000, kisha yanagawanyika kwenda ukanda wa juu na ukanda wa chini, kila ukanda na mita yake kuu. Huu ni msimu wa kiangazi, chanzo kimepungua, kwa hiyo kuna mgao. Ukanda wa chini, wenye nyumba 84, unafunguliwa saa 12 jioni na kufungwa saa 12 asubuhi.

Katibu wa jumuiya ana daftari safi. Mwezi wa Desemba mita kuu ya ukanda wa chini ilipitisha uniti 1,860, yaani 60 kwa siku. Ankara zilizotoka ni za uniti 1,209. Zimepotea 651, asilimia 35 kamili.

"Wanachama wanataka tuchimbue bomba lote tuweke jipya," Mjomba akasema. "Fedha hatuna. Wewe unasemaje?"

Nikamwambia nipeni usiku mmoja kwenye mita kuu.

Jumatano 29 Januari

Nimelala kidogo. Naandika kabla hesabu haijapoa.

Njia niliyoifanyia kazi kila wiki Dresden ni ya mtiririko wa usiku. Kati ya saa 8 na saa 10 usiku watu wamelala. Unasoma mita ya eneo, unaondoa matumizi madogo ya halali ya usiku, na kinachobaki karibu chote ni uvujaji. Huko maji yako bombani saa zote na nyumba hazina matangi ya kuhifadhia, ndiyo maana hesabu inakubali.

Jana usiku nimesoma mita kuu ya ukanda wa chini kuanzia saa 8 hadi saa 9. Zimepita uniti 5.2 kwa saa moja. Kwa hesabu ya kule ningesema nyumba 84 zilizolala zinatumia kiasi kidogo mno, basi uniti 5 kwa saa zinavuja. Sasa zidisha 5 kwa saa 12 za mgao: unapata 60, yaani maji yote yanayoingia ukanda huu kwa siku. Maana yake ni kwamba hakuna nyumba hata moja iliyopata tone, ilhali asubuhi nimeona kina mama wanafulia. Jibu kama hilo linakwambia lenyewe kwamba njia haifai mahali hapa.

Sababu iko juu ya mapaa. Karibu kila nyumba ina simtanki na koki ya boya. Maji yakifunguliwa jioni matangi yanaanza kujaa, na usiku wa manane, watu wamelala, ndipo yanapojaa zaidi, kwa kuwa presha imepanda. Saa ambayo Dresden ni ya kimya, hapa ni saa ya kazi. Anayekuja na kipimo kile bila kukibadilisha ataiambia jumuiya kwamba bomba limeoza lote, na jumuiya itakopa fedha kuchimbua bomba zima.

Ijumaa 7 Februari

Tumekubaliana kufanya jaribio la kufunga. Kama matangi yanaficha uvujaji, dawa ni kuyaondoa kwenye hesabu kwa saa moja: kila nyumba ifunge koki iliyo kabla ya mita, bomba lote libaki na presha, tusome mita kuu. Kinachopita hapo hakuna anayekitumia.

Kazi kubwa ni ya watu, bomba lenyewe halina shida. Mwenyekiti wa kitongoji ametangaza, na leo imesemwa tena msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Jumapili itasemwa kanisani. Saa tulizochagua ni saa 4 hadi saa 5 usiku wa Jumanne. Watu bado wako macho, kwa hiyo fundi na vijana wanaweza kubisha hodi bila kumtisha mtu. Kila kijana amepewa orodha ya nyumba, na ataweka alama akishaifunga koki kwa mkono wake. Mwenye nyumba akisema "nimefunga" haitoshi. Koki za zamani nyingine hazifungi sawasawa, na mita ya nyumba ikiendelea kuzunguka kijana lazima aandike.

Jumatano 12 Februari

Imefanyika. Nyumba tatu koki zao zilikataa kufunga. Tukasoma mita zao pembeni na kuondoa kiasi hicho kwenye hesabu. Mita kuu iliendelea kupitisha uniti 0.9 kwa saa, yaani lita 900, na hizo ndizo zinazovuja.

Kwa saa 12 za mgao ni kama uniti 11 kwa siku. Hicho ndicho kiwango cha juu, kwa sababu nyumba zote zikifungwa presha huwa kubwa kuliko kawaida, na tundu lilelile hutoa maji mengi zaidi. Upotevu wote ni uniti 21 kwa siku. Kwa hiyo bomba linabeba takribani nusu ya lawama, au pungufu. Nusu nyingine inafika kwa watu, wanaitumia, lakini haiingii kwenye ankara. Hata wangechimbua bomba lote na kuweka jipya, nusu hiyo ingebaki palepale. Nimemwandikia Mjomba hesabu hiyo kwa kalamu kubwa kwenye karatasi moja. Ameikunja akaitia mfukoni kwa ajili ya mkutano wa jumuiya.

Koki zikiwa bado zimefungwa, fundi alifunga geti valvu ya tawi linaloshuka bondeni. Mita kuu ikashuka kutoka lita 900 hadi 200 kwa saa. Lita 700 ziko kwenye tawi moja! Nikataka kwenda na kifaa cha kusikilizia, fundi akanizuia kwa adabu: "Dada, hili ni plastiki." Yuko sahihi. Bomba la chuma hubeba sauti ya uvujaji mbali, na vifaa vyetu kule vilitegemea hilo. Kwenye plastiki sauti hufa baada ya mita chache. Yeye alikwenda moja kwa moja pale tawi linapovuka korongo, mahali magimbi yamestawi kiangazi hiki kuliko kwingine kote. Leo asubuhi wamechimba. Kiungo kilikuwa kimeachia upande mmoja, na maji yalikuwa yanapenya chini ya mawe kuelekea kijitoni. Hata juu ya ardhi kusingelowa.

Ijumaa 14 Februari

Tangazo limetoka jana, nafasi ni Mhandisi wa Maji Daraja la II. Nina muda wa kutosha, kwa hiyo leo nimeshughulika kwanza na ile nusu ya pili.

Nyumbani kwa Mjomba tangi lilikuwa linakaribia kujaa. Boya likikaribia kufunga, koki haikati maji mara moja. Inabana kidogo kidogo, na maji yanaingia kama uzi kwa saa nyingi. Niliyakinga kwenye ndoo ya lita 20. Ilijaa kwa dakika 70, yaani kama lita 17 kwa saa. Muda wote huo kigurudumu kidogo cha mita kilikuwa kimesimama. Mita ya Mjomba ni ya inchi nusu, ya daraja B, na imeundwa kupima kwa uhakika kuanzia lita 30 kwa saa. Chini ya hapo hupunja, na ikishazeeka haisogei kabisa. Mjomba mwenyewe alishangaa, maana yeye hulipa ankara yake kwa wakati na hana hila yoyote.

Sisemi kwamba uniti 10 zote zinapotelea hapo. Zipo pia mita zilizochoka, na huenda kuna nyumba iliyoungwa bila kuandikwa. Ila sasa najua pa kuanzia, na kipimo chenyewe ni ndoo na saa ya mkononi.

Jumanne 18 Februari

Jana usiku tumerudia jaribio la kufunga baada ya kiungo kuzibwa. Mita kuu imepitisha lita 250 kwa saa, ambapo kabla ilikuwa 900. Sasa naweza kuandika. Hii ndiyo barua, ukurasa mmoja:

*YAH: MAOMBI YA KAZI YA MHANDISI WA MAJI DARAJA LA II*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni Mtanzania mwenye umri wa miaka 36, mwenye shahada ya kwanza na ya uzamili katika uhandisi wa maji kutoka Ujerumani. Tuzo zote mbili zimetambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, na nimesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu. Nakala zimeambatishwa.*

*Nimefanya kazi miaka sita katika idara ya mtandao wa mabomba ya mji wa Kijerumani. Wajibu wangu ulikuwa kusoma mtiririko wa usiku wa kila eneo, kutenganisha uvujaji na matumizi, na kuelekeza mafundi mahali pa kuchimba.*

*Njia hiyo hutegemea maji yanayopatikana saa 24. Kwa kuwa mitandao yetu mingi ina mgao na nyumba zina matangi, nimeijaribu na kuirekebisha katika mradi wa mserereko wa jumuiya ya watumia maji wilayani Lushoto, Januari na Februari 2025. Ukanda wa nyumba 84 ulikuwa unapoteza asilimia 35 ya maji. Kwa kufunga koki zote za nyumba kwa saa moja tulibaini kwamba uvujaji wa bomba ni takribani nusu ya upotevu huo, au pungufu. Tulipata tawi linalovuja, na baada ya kiungo kimoja kuzibwa, uvujaji ulishuka kutoka lita 900 hadi 250 kwa saa. Mwenyekiti wa jumuiya ni mmoja wa wadhamini wangu na yuko tayari kuonyesha daftari la mita.*

*Nikiajiriwa, katika kituo chochote nitakachopangiwa, nitaanza na ukanda mmoja wenye mita kuu na kutenganisha kwa kipimo maji yanayovuja na maji yanayotumika bila kulipiwa, kabla ya mamlaka kuamua kununua mabomba au mita.*

*Natanguliza shukrani.*

Nimemsomea Mjomba. Aliposikia neno "wadhamini" alisimama akaleta namba yake ya simu ya pili, ile inayoshika mtandao akiwa shambani. Kisha akasema niandike na jina la fundi. Nimemweleza kwamba barua haina nafasi ya majina mengi. Hajaridhika. Basi jina la fundi nimeliweka kwenye wasifu, chini ya kazi ya Lushoto, kama niliyefanya naye kazi.

Alhamisi 27 Februari

Dirisha la maombi limefungwa. Yangu niliyatuma mapema: barua iliyosainiwa, vyeti, cheti cha kuzaliwa, hati ya Tume, usajili wa Bodi, wasifu wenye wadhamini watatu, namba ya NIDA. Mfumo uligoma mara ya kwanza kwa sababu faili ya transkripti ilikuwa kubwa. Nikaipunguza ikapita. Sasa nasubiri orodha ya walioitwa kwenye usaili wa mchujo, ambao ni wa kuandika. Hapo vijana waliotoka chuoni juzi watanizidi kwa vitu walivyovisoma karibuni, kwa hiyo nimeanza kusoma Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, na miongozo ya usanifu wa miradi ya maji ya Wizara. Dresden sikuwahi kuulizwa jumuiya ya watumia maji inaundwaje kisheria. Huku naweza kuulizwa katika swali la kwanza.

Mkutano wa jumuiya umeahirisha kuchimbua bomba. Wamepitisha fedha ya koki za boya tano za aina inayofungua yote na kufunga yote, bila kubana kidogo kidogo, na tutaziweka kwenye nyumba tano zilizo karibu na tangi. Mita zitabaki zilezile, tulinganishe ankara za Machi na za Desemba. Kama uniti za nyumba hizo zitapanda huku mita kuu haijapanda, koki za boya ndizo zilizokuwa zinatupunja. Zisipopanda, Aprili tutaanza kupita nyumba hadi nyumba kutafuta bomba lililoungwa bila kuandikwa, na Mjomba amekwishasema orodha ya kwanza ianzie kwa ndugu zake mwenyewe.